Hasira Ichelewe, Daftari Lifungwe: Andiko la Video Fupi juu ya Subira katika Ndoa



Wakati wa likizo nilipokuwa nyumbani Kigera, hapa Musoma, viongozi wa jumuiya yetu waliniomba niandike video fupi ya kutazamwa na wanandoa kabla ya sala ya jioni. Walitaka isizidi dakika sita na isomwe pamoja na Barua ya kwanza ya Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho, sura ya 13. Nilikubali haraka, kama tunavyofanya mafrateri tukiwa likizo. Nikaandika usiku mmoja, kesho yake nikawasomea akina mama watatu wa jumuiya.

Katika andiko lile la kwanza mume alirudi nyumbani akiwa na hasira, akafoka. Mke akainamisha kichwa, akanyamaza. Baadaye mume akaguswa na unyamavu wa mkewe, akaomba msamaha, kisha likasomwa Neno. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekaa katika ndoa miaka mingi kuliko umri wangu wa miaka 25 akaniuliza, “Frateri, mbona huyu mama hasemi kitu?” Nikamjibu kwamba anavumilia. Akasema, “Huyo havumilii. Huyo anaogopa. Wewe umetazama kwa nje ukaona ni kitu kimoja.”

Nilirudi kwenye meza nikaanza upya. Makala hii inaeleza nilichokikuta katika Maandiko baada ya swali lile, kisha inaleta andiko lenyewe ili jumuiya nyingine ziweze kulitumia.

Neno moja la Kiswahili, maneno matatu ya Paulo

Paulo aliandika sura ya 13 kwa Wakristo waliokuwa wakigombana, wala hapakuwa na arusi machoni pake. Katika sura ya 6 anawakemea kwa kupelekana mahakamani, katika sura ya 11 kwa kutengana mezani, na katika sura ya 12 na 14 kwa kushindania karama. Kwa hiyo aliposifu upendo hakuwa akiwapamba maharusi. Alikuwa akiwaonyesha watu wa nyumba moja ya imani namna ya kukaa pamoja huku wakiwa wamekoseana. Ndiyo sababu sura hii inaifaa ndoa ya mwaka wa kumi zaidi hata kuliko siku ya arusi.

Tafsiri zetu nyingi za Kiswahili zinatumia neno “huvumilia” katika aya ya 4, na tena katika aya ya 7, ambayo inamalizia kwa “hustahimili”. Kwa Kigiriki Paulo ametumia maneno matatu tofauti. Hayo mawili ya aya ya 7 yanahusu kubeba mzigo na kubaki imara chini yake. La aya ya 4 ni lingine kabisa. Linatokana na neno makrothimia, lililoundwa kwa maneno mawili: makros, yaani ndefu, na thimos, yaani hasira, ule moto unaopanda kifuani. Mwenye makrothimia ni mtu ambaye hasira yake ina safari ndefu kabla ya kufika mdomoni au mkononi.

Neno hili Paulo hakulibuni. Katika Kitabu cha Kutoka 34:6 Mungu anajitambulisha kwa Musa kuwa si mwepesi wa hasira. Kwa Kiebrania usemi huo, ukichukuliwa neno kwa neno, ni “mrefu wa pua”, kwa kuwa Waebrania waliiona hasira katika pumzi za puani. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki wakaweka hapo neno lenye mzizi uleule wa makrothimia. Tukumbuke pia Mungu alijitambulisha hivyo lini: ilikuwa baada ya ndama wa dhahabu, vibao vya kwanza vikiwa vimeshavunjwa. Kosa lilikuwa kubwa, na halikufichwa wala halikuitwa dogo. Hata hivyo hasira iliacha nafasi ya kusema na kuanza upya.

Kwa hiyo subira ya aya ya 4 ni sifa ya mwenye nguvu ya kuumiza ambaye haitumii. Mungu ana nguvu juu ya Israeli, naye anakawia. Katika andiko langu la kwanza nilikuwa nimemkabidhi subira yule asiye na nguvu, na mwenye nguvu nikamwacha afoke. Nilikuwa nimeligeuza Neno juu chini.

Tukio la kwanza: Dagaa na mvua

Wahusika ni Baba Neema, mvuvi wa dagaa, na Mama Neema. Ni siku za giza, mwezi hauonekani, hivyo wavuvi wameshinda usiku ziwani na taa zao. Asubuhi dagaa wameanikwa kwenye vichanja nyuma ya nyumba. Baba Neema amelala kidogo, kisha ameshuka mwaloni kushona nyavu. Mchana mvua imepiga ghafla, sasa imekatika.

(Kamera inaonyesha vichanja. Dagaa wamelowa, wengine wameanguka matopeni. Baba Neema anaingia, anasimama.)

BABA NEEMA (kwa sauti): Mama Neema!

(Kimya. Anashika nguzo ya kichanja. Mama Neema anaingia kutoka njiani, mtoto mgongoni, kanga imelowa.)

BABA NEEMA: Ulikuwa...

(Anakatisha. Anavuta pumzi. Anachukua karai lililoinamishwa ukutani, anachuchumaa, anaanza kuokota dagaa. Kamera ikae mikononi mwake kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha anasema bila kupaza sauti.)

BABA NEEMA: Imekuwaje?

MAMA NEEMA: Mtoto amepanda joto ghafla, nikakimbia naye zahanati. Nilipotoka jua lilikuwa linawaka. Mvua imenikuta kwenye foleni.

BABA NEEMA: Anaendeleaje?

MAMA NEEMA: Amepimwa, amepewa dawa. Joto limeanza kushuka.

(Anaokota tena.)

BABA NEEMA: Nimeumia, Mama Neema. Usiku kucha ule, halafu hivi.

MAMA NEEMA: Na mimi nimeumia. Jumamosi nina marejesho ya kikoba, nilikuwa nawategemea hawahawa. Ningemwita jirani awafunike kwa turubai. Sikukumbuka.

BABA NEEMA: Hawa wa juu wanaweza kupona jua likitoka. Hawa wa matopeni tuwauze kwa wafuga kuku.

(Mama Neema anamlaza mtoto ndani, anarudi na karai la pili. Wanaokota pamoja.)

Kwa nini tukio limekaa hivyo

Waigizaji wetu walipofanya majaribio walitaka kuikimbia ile sehemu ya kuhesabu mpaka kumi, kwa sababu hakuna anayesema. Tafadhali isikatwe, kwa kuwa ndiyo aya ya 4 yenyewe. Baba Neema ana swali mdomoni tayari, na sote tunajua lingekuja kwa sauti gani. Swali la “ulikuwa wapi” lisemwapo namna ile haliulizi kitu, limeshahukumu. “Imekuwaje?” ni swali la mtu asiyejua na anayetaka kujua. Tofauti ya maswali hayo mawili ni muda mfupi tu. Lakini ndani ya muda ule mtoto mgonjwa amepata nafasi ya kuonekana.

Sehemu ya pili isiyokatwa ni pale anaposema “nimeumia”. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Suma yake anapofundisha juu ya fadhila ya subira, hasemi kwamba kazi yake hasa ni kutuliza hasira. Hiyo anaiachia fadhila ya upole. Subira, kwa Tomaso, humlinda mtu ili huzuni isiishinde akili yake. Mwanzoni mgawanyo huo ulinionekea kama hesabu za darasani tu, mpaka nilipomtazama Baba Neema. Kinachomchoma ni usiku mzima wa kazi uliopotea. Hiyo ni huzuni. Ila huzuni inaaibisha, hasa kwa mwanamume, kwa hiyo inavaa nguo za hasira na kutafuta mtu wa kumwangukia. Akiweza kuitaja kwa jina lake, mkewe anaweza kuipokea, maana na yeye anayo.

Hapo ndipo subira inapotofautiana na kumeza. Aliyemeza husema “hakuna neno”, kisha jioni anamfokea mtoto kwa sababu ya kikombe, au anakisukuma chakula. Mwenye subira anaweza kulisema jambo lenyewe siku hiyohiyo, kwa mtu linalomhusu. Katika Barua kwa Waefeso 4:26 Paulo hakatazi hasira kuwepo. Anakataza jua kuzama ikiwa bado inakaa ndani, na katika aya inayofuata anasema kwa nini: Ibilisi asipewe mlango.

Tukio la pili: Daftari

Miezi minne imepita. Ni usiku, taa ya sola iko mezani. Mama Neema ni katibu wa kikoba na anajaza daftari la kikundi. Simu ya mumewe iko karibu, inatoa mlio wa ujumbe.

MAMA NEEMA (anaisoma): “Asante kaka, laki mbili nimeipata.” Baba Neema, laki mbili gani hii?

BABA NEEMA: Ya mdogo wangu. Amepungukiwa mahari.

MAMA NEEMA: Ile tuliyoiweka ya bati? Bila kuniambia?

BABA NEEMA: Ni ndugu yangu, ningefanyaje?

MAMA NEEMA: Ndivyo ulivyo. Krismasi uliuza mbuzi sijui. Mwaka juzi ukamkopesha yule mwenzako wa mtumbwi mpaka leo. Mama yangu alipolazwa uliniambia hakuna hela...

BABA NEEMA: Na wewe? Dagaa wangu walilowa wote! Nilisema kitu?

(Kimya kizito. Mama Neema anatazama daftari lililo mbele yake. Anafungua kurasa za nyuma.)

MAMA NEEMA: Unaona huu mstari?

BABA NEEMA: Mama wa pale juu, kamaliza mkopo wake.

MAMA NEEMA: Akimaliza, napiga mstari. Mwenyekiti mwenyewe haruhusiwi kumdai tena kwenye kikao. La dagaa tulilimaliza siku ile, wewe na mimi tumeokota. Umelirudisha.

BABA NEEMA: Na wewe umerudisha mbuzi.

MAMA NEEMA: Nimerudisha. (Anafunga kurasa za nyuma.) Hayo nayafunga. Ila laki mbili haina mstari, Baba Neema. Hiyo ni ya leo.

BABA NEEMA (baada ya muda): Nilijua ukiambiwa utakataa. Ndiyo maana nikanyamaza. Nimekosea.

MAMA NEEMA: Pengine ningekubali laki moja.

BABA NEEMA: Giza lijalo, gawio langu la wiki ya kwanza lote nitakuletea mkononi. Na mdogo wangu nitamwambia mbele yako kwamba ule ni mkopo.

MAMA NEEMA: Andika.

(Anampa kalamu. Wote wawili wanatabasamu kidogo. Anaandika.)

Kwa nini daftari

Katika aya ya 5 Paulo anasema upendo hauhesabu mabaya. Kitenzi alichokitumia, lojizetai, kilikuwa neno la watu wa hesabu: kuingiza deni kwenye jina la mtu ili lije kudaiwa. Anakitumia tena katika Barua ya pili kwa Wakorintho 5:19 anapoeleza kwamba Mungu, katika Kristo, hakuwahesabia watu makosa yao. Nikaona kwamba hapa kwetu mfano wake tunao kila wiki, kwa sababu wanandoa wengi wako kwenye vikoba na wanajua vizuri daftari ni nini.

Ubaya wa daftari la moyoni ni kwamba halina mstari. Kosa linaombewa msamaha, linasamehewa, kisha linabaki limeandikwa likisubiri ugomvi mwingine. Ndipo ugomvi wa laki mbili unapokuwa ugomvi wa mbuzi, wa mtumbwi, wa mama mkwe na wa dagaa, na hakuna awezaye kuulipa wote usiku mmoja. Dalili yake ni rahisi kuitambua. Mkianza na “leo” mkajikuta kwenye “wewe siku zote”, daftari limefunguliwa.

Lakini Mama Neema hasemi tusizungumzie laki mbili. Hili lilinichukua rasimu mbili kulipata. Kutohesabu mabaya ni kutodai mara ya pili kilichokwisha kulipwa. Deni jipya linatajwa, kiasi chake kinasemwa, na njia ya kulirudisha inapangwa. Mke anayefunga kurasa za nyuma anapata haki ya kuuliza ukurasa wa leo bila kelele, na mume anakosa pa kujifichia.

Tafakari ya kufungia

(Isomwe na msimulizi mbele ya kamera, ikiwezekana watu wawili, mume na mke wa jumuiya. Kwetu ilinibidi nikae nyuma ya simu, maana maneno haya yanakaa vizuri zaidi mdomoni mwa walioyaishi.)

“Ndugu wapendwa, mmewaona Baba Neema na Mama Neema. Siku ya mvua, mume alikuwa na nguvu ya kuumiza kwa neno, akakawia. Usiku wa daftari, mke alikuwa na makosa ya zamani mkononi, akayafunga. Wote wawili walikasirika. Wote wawili walisema. Mungu wetu hakukawia kukasirika kwa sababu hakuona ndama wa dhahabu. Alimwona, akawaachia watu wake nafasi ya kurudi.

“Kuna mmoja kati yetu anayetazama video hii akiwa na alama mwilini au hofu moyoni kila mlango unapofunguliwa. Kwako, dada au kaka, hatusemi ‘vumilia’. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wake Furaha ya Upendo ndani ya Familia wa mwaka 2016, namba 92, anafundisha kwamba subira haina maana ya kuacha tutendewe vibaya daima, wala kukubali kupigwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kuondoka pale yeye au watoto wanapokuwa katika hatari kubwa ya mwili au ya roho, na hatari isiposubiri anaweza kuondoka hata kabla ya kupata amri ya Askofu. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nenda kwa paroko, nenda kwa mtu unayemwamini, nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Anayetakiwa subira katika nyumba hiyo ni yule anayeinua mkono.

“Na sisi wengine, usiku wa leo kabla ya kulala, kila mmoja amwulize mwenzake jambo moja tu: ni kosa gani langu la zamani ambalo bado hujalipigia mstari? Asikilize mpaka mwisho bila kujitetea.”

(Picha ya mwisho: karai mbili zimeinamishwa ukutani, vichanja vimekauka.)

Kwa wanaotaka kuirekodi

Sisi tulitumia simu mbili. Moja ilichukua picha, ya pili iliwekwa mfukoni mwa mwigizaji ikirekodi sauti, kwa kuwa upepo wa ziwa mchana unameza maneno. Tukio la dagaa lichukuliwe asubuhi, na vichanja vimwagiwe maji ya ndoo. Msitumie dagaa wazuri wa mtu. Wetu walikuwa wale ambao tayari walikuwa wa kuku.

Video ikiisha, jumuiya inaweza kujadili maswali haya matatu. Hasira ya Baba Neema ilipita wapi katika ule muda wa kimya? Kuna tofauti gani kati ya kimya chake na kimya cha mtu anayeogopa? Na kwenu, kosa likishasamehewa, mstari hupigwaje ili wote wawili mjue kwamba umepigwa?

Yule mama aliyeniuliza swali la kwanza aliitazama video yote bila kusema neno. Mwishoni nikamwuliza kama sasa Mama Neema anasema vya kutosha. Akasema, “Sasa anasema. Ila Baba Neema umemfanya mwepesi mno kukiri. Wa kwangu ilichukua siku tatu.” Nimeliacha andiko kama lilivyo kwa sababu ya dakika sita, lakini mtakaoiigiza mjue kwamba ule “muda” kabla ya kusema “nimekosea” unaweza kuwa mrefu, na anayeungoja naye anaitimiza aya ya 4.